Sikio Lililotogwa: Picha Inasema Nini Kuhusu Uvimbe

Siku hizi swali la tundu jipya la sikio au pua huulizwa kwa picha. Mtu ametoga saluni Jumamosi, Jumatano anapiga picha ya sikio, anaituma kwenye kundi la WhatsApp la familia au kwa dada yake muuguzi, na chini yake anaandika neno moja: "Limeoza?" Majibu yanamiminika, tena yanapingana. Huyu anasema toa hereni haraka, yule anasema paka spiriti, mwingine anamtuliza kwamba hata lake lilikuwa hivyohivyo. Wote wameangalia wekundu na uvimbe, na hapo ndipo wanapokosea, kwa kuwa tundu linalopona vizuri na tundu lililoingiwa na vijidudu yote mawili huwa mekundu na huvimba.

Kinachoyatofautisha ni mambo mawili. La kwanza ni mahali uvimbe ulipo na mpaka wake unapoishia. La pili ni mwelekeo: leo umepungua kuliko jana, au umeongezeka? Ndiyo maana picha moja, hata ikiwa safi namna gani, hueleza machache. Picha tatu za siku tatu hueleza mengi.

Tuanze na hali ya kawaida. Sindano ikipita kwenye ngozi, mwili hupeleka damu nyingi mahali hapo ili kuanza kuliziba jeraha. Damu hiyo ndiyo inayoleta joto, rangi na uvimbe. Siku tatu hadi tano za mwanzo sikio litauma likiguswa na ngozi iliyozunguka hereni itakuwa imetuna kidogo, kisha hali hupungua polepole, na mwisho wa wiki ya pili kinachobaki ni kidogo. Katika muda huo wote tundu hutoa majimaji mepesi, meupe au ya njano hafifu, ambayo hukauka na kuwa ukoko kwenye shina la hereni. Ukoko huu ndio unaowatisha watu wengi kwenye picha, nao ni wa kawaida kabisa. Usaha ni mzito, rangi yake ni njano iliyokolea au kijani, ukiufuta unarudi baada ya muda mfupi, na mara nyingi una harufu.

Kwa sisi wenye ngozi nyeusi kuna jambo ambalo maelezo mengi ya kitabibu huliruka. Wekundu hauonekani kuwa mwekundu. Kwenye ngozi ya kahawia iliyoiva, uvimbe wenye joto huonekana wa zambarau, au mweusi kuliko ngozi ya jirani, au huonyeshwa na mng'ao tu, kwa kuwa ngozi iliyovimba hunyooka na kupoteza vijistari vyake. Basi usitafute rangi fulani. Linganisha sikio hili na lile la pili la mtu huyohuyo, na upande huu wa pua na ule wa pili. Tofauti ya pande mbili ndiyo habari yenyewe.

Kwa hiyo namna ya kupiga picha ni muhimu. Simama karibu na dirisha mchana, usiwashe flashi, na uondoe ile mipangilio ya simu inayolainisha uso, maana inafuta uvimbe na kubadilisha rangi ya ngozi. Taa ya njano ya chumbani hulifanya kila sikio lionekane limechomeka. Piga masikio yote mawili kwa umbali uleule, na la tundu jipya lipige mbele na nyuma, kwa sababu usaha na uvimbe hupenda kujificha nyuma, kwenye kifungio cha hereni. Ukimaliza kupiga, safisha mikono kabla ya kugusa tundu. Na kama ulipaka manjano au ile dawa ya zambarau ya GV, sema wazi. Nimeona watu wakibishana kuhusu usaha ambao kumbe ni bizari, na dawa ya zambarau hufunika kabisa rangi ambayo muuguzi anaitafuta.

Sasa tuzisome picha zenyewe. Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa chuo aliyetoga ukingo wa juu wa sikio la kushoto kwa bunduki ya saluni. Picha ya siku ya pili inaonyesha uvimbe mdogo uliozunguka hereni tu, upana wake haufiki wa punje ya mahindi. Mikunjo ya sikio bado inaonekana sawasawa na ya sikio la kulia. Hiyo ni picha ya kawaida. Siku ya tano uvimbe umepungua na kuna ukoko wa njano hafifu. Vizuri. Siku ya nane picha imegeuka. Ukingo wote wa juu umekuwa mnene na unang'aa, mikunjo imejaa hadi haionekani vizuri, na kwenye picha iliyopigwa kwa nyuma sikio limesukumwa mbali na kichwa. Lakini ndewe, ile nyama laini ya chini, ni nyembamba na ina rangi yake ya kila siku.

Ndewe hiyo iliyosalimika ndiyo dalili kubwa kuliko zote katika picha. Sehemu ya juu ya sikio imejengwa kwa gegedu, na ndewe haina gegedu. Uvimbe unaoshika sikio lote la juu na kusimama pale ndewe inapoanzia unaonyesha kwamba maambukizi yako kwenye utando unaofunika gegedu. Uvimbe ungeshuka hadi kwenye ndewe, tungefikiri zaidi maambukizi ya ngozi, na hayo nayo ni ya kupelekwa kituo cha afya. Kuna kipimo kimoja ambacho picha haiwezi kukufanyia: bonyeza polepole ukingo wa sikio mbali na tundu. Tundu lililochubuka tu huuma penye tundu. Gegedu lenye maambukizi huuma hata mbali nalo, na mgonjwa hawezi kulilalia.

Hatari yake ni hii. Gegedu halina mishipa yake ya damu, hulishwa na ule utando ulioligandama. Usaha ukijikusanya kati yake na utando, unautenga utando na gegedu, na gegedu likikosa lishe linakufa. Likishakufa halioti tena, na sikio husinyaa na kujikunja kwa maisha yote. Mwaka 2000 jambo hili lilitokea katika jimbo la Oregon nchini Marekani, kwa wateja wa kibanda kimoja cha kuuza mapambo. Bakteria aitwaye sudomonasi alikutwa ndani ya chupa ya dawa iliyotumika kusafishia. Waliothibitika kuugua walikuwa wametogwa gegedu, na baadhi yao walilazwa na kubaki na masikio yaliyoharibika.

Sudomonasi huishi majini na penye unyevu, na ndiye anayeongoza katika maambukizi ya gegedu. Hapa ndipo desturi yetu ya kukimbilia duka la dawa inapotuponza, kwa sababu amoksilini, ambayo wengi hununua bila kuandikiwa, haimuui. Daktari huchagua dawa ya kundi jingine, mara nyingi siprofloksasini, na usaha ukiwa umejikusanya lazima upasuliwe na utolewe. Mwanafunzi wetu wa siku ya nane asingoje Jumatatu.

Pua huleta picha za aina nyingine. Inayoonekana sana ni ya kijivimbe kidogo cha waridi au cha rangi ya ngozi, kimekaa pembeni kabisa ya kipini, labda wiki ya sita au mwezi wa tatu. Mwenye pua anaogopa kwamba ni jipu. Tazama ngozi iliyokizunguka: imetulia, haina joto wala mng'ao. Picha ya wiki iliyopita inaonyesha kijivimbe kilekile, pengine kikubwa zaidi kidogo. Hiyo ni ngozi iliyochokozwa. Sababu huwa ni kipini kinachozungushwazungushwa, taulo linalokikwaruza, sabuni ya uso au vipodozi vinavyoingia kwenye tundu, kipini kirefu mno kinachochezacheza, au kubadilisha kipini mapema. Tundu la ndewe huchukua wiki 6 hadi 8 kupona. La pua na la gegedu huchukua miezi, hata mwaka, ingawa kwa nje huonekana limepona mapema. Ukiondoa kinachochokoza, kijivimbe husinyaa chenyewe kwa wiki kadhaa.

Kama picha inaonyesha vipele vidogovidogo na ngozi kavu inayochunika kila mahali chuma kilipogusa, na mwenyewe analalamika kuwashwa kuliko kuumwa, shuku madini ya hereni. Nikeli iliyomo katika hereni za bei rahisi ndiyo inayoongoza kwa kusababisha mzio. Dawa ya vijidudu haitasaidia hapo. Hereni ibadilishwe na mtu mwenye ujuzi, iwekwe ya titani au ya dhahabu safi.

Utunzaji wenyewe ni mdogo. Chemsha maji, yakiwa ya uvuguvugu chukua kikombe kimoja cha chai na uyayeyushie robo ya kijiko cha chai cha chumvi, kisha ulowanishe pamba au kitambaa safi na uweke kwenye tundu kwa dakika chache, mara mbili kwa siku. Chumvi ikizidi, ngozi inakauka na kuchubuka. Spiriti na dawa inayotoa povu huua pia ngozi changa inayojenga tundu, na ndizo zinazozaa picha nyingi za matundu yasiyopona. Usiyapake mafuta mazito, majivu wala dawa ya meno. Na ukishuku maambukizi usiitoe hereni mwenyewe, kwa kuwa tundu linaweza kuzibika kwa nje na kufungia usaha ndani. Mwachie daktari aamue. Isipokuwa pale kifungio kimeanza kumezwa na nyama: hapo nenda siku hiyohiyo, ili kitolewe kabla hakijafunikwa.

Ukiwa na shaka na huna picha za nyuma, chukua kalamu na uchore mstari mwembamba kwenye mpaka wa uvimbe, piga picha, kisha piga tena kesho yake kwenye mwanga uleule. Uvimbe ukiuvuka mstari, habari ya kungoja imekwisha. Usingoje hata hiyo kesho ukiwa na homa, baridi ya mwili, mistari myekundu au myeusi inayotoka kwenye tundu, au tezi zilizovimba shingoni na nyuma ya sikio. Kwa upande wa pua, kuvimba kwa jicho au maumivu makali ya kichwa ni ya kukimbizwa hospitali usiku uleule, kwa sababu mishipa ya damu ya sehemu hiyo ya uso huelekea ndani ya fuvu.

Kuna picha moja ya mwisho ambayo huja muda mrefu baada ya tundu kusahauliwa, miezi mitatu, sita, hata mwaka. Ni kovu gumu, laini juu, linalokua taratibu na kuvuka mipaka ya tundu lenyewe, bila usaha wala joto. Hiyo ni keloidi, na huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, hasa ikiwa mzazi au ndugu anayo. Haiponi kwa maji ya chumvi, na kuikata tu mara nyingi huirudisha kubwa zaidi. Daktari wa ngozi huanza kwa sindano za steroidi ndani ya kovu, na hufanya kazi vizuri zaidi likiwa bado dogo.