Kichwa Kimetulia, Mgonjwa Bado

"Samahani bosi, kichwa kinaniuma sana, leo sitaweza kuja. Kesho nitakuwa sawa."

Tuseme aliyeandika ni mhasibu wa Dar es Salaam, Jumanne saa 12 na nusu asubuhi. Mapazia ameyashusha, ndoo iko kando ya kitanda, na jicho moja amelifumba kwa sababu mwanga wa simu unamchoma. Jibu halichelewi: "Pole. Meza panadoli, upumzike kidogo, mchana tuonane."

Bosi hana roho mbaya. Amejibu kile alichoandikiwa. Kichwa kuuma ni neno pana: kinauma kwa jua, kwa njaa, kwa malaria, hata kwa kelele za watoto. Lakini kilichomlaza mhasibu huyu ni kipandauso, na baruapepe yake imekosea mara mbili. Haikusema ni ugonjwa gani, na imeahidi kesho ambayo hana uhakika nayo.

Kipandauso hakianzii kwenye maumivu. Jumatatu jioni alikuwa akipiga miayo mfululizo, shingo imekaza, na kila neno la jirani yake ofisini linamkera. Hizo zilikuwa dalili za awali, ambazo kwa wengine hutangulia kwa saa kadhaa, kwa wengine hata siku nzima au mbili. Alfajiri ya Jumanne aliamka akaona mstari wa mwanga uliovunjikavunjika kama meno ya msumeno, ukitanuka polepole upande mmoja wa macho. Maluweluwe hayo hayampati kila mwenye kipandauso. Kwa anayeyapata, kwa kawaida hudumu kati ya dakika 5 na saa moja, kisha hupotea.

Saa 12 kasorobo maumivu yakaingia. Yakashika upande wa kulia, yakawa yanapwita kila moyo unapopiga, na kila hatua ya kwenda chooni ikayazidisha. Alimeza ibuprofeni ya miligramu 400, lakini baada ya robo saa akaitapika. Hapo ndipo ushauri wa kumeza panadoli unapogonga mwamba: wakati wa kipandauso tumbo huwa zito, dawa hukawia kufyonzwa, au hurudi ilikotoka. Dawa hufaa zaidi ikimezwa mapema, maumivu yakiwa bado machanga.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana ndiyo bosi anayoihitaji. Kwa mtu mzima asiyepata tiba iliyomsaidia, maumivu ya kipandauso huchukua kati ya saa 4 na saa 72. Ni pana mno kupangia kazi. Kwa hiyo mgonjwa huangalia historia yake mwenyewe. Mashambulizi matatu ya mwisho ya mhasibu wetu yalikaa kama saa 30 kila moja. Ukihesabu kutoka Jumanne saa 12 asubuhi, maumivu yatakoma Jumatano adhuhuri.

Wengi husimamisha hesabu hapo, kumbe bado. Maumivu yakiondoka huacha mabaki: uchovu kama wa mtu aliyelima kutwa, akili nzito, maneno yanayojificha ulimini, na kichwa kinachouma kidogo ukiinama. Hali hiyo huweza kuendelea siku moja au mbili. Mhasibu akirudi Jumatano mchana kulinganisha daftari la ofisi na taarifa ya benki, atasoma 69 akaandika 96, kisha Ijumaa watu watatu watakuwa wanatafuta tofauti ya shilingi 27,000. Jumatano si siku yake ya kurudi. Ni Alhamisi, na hata hiyo kwa kazi nyepesi.

Baruapepe iliyoyajua hayo ingekuwa hivi:

"Kichwa cha habari: Ruhusa ya ugonjwa, Jumanne na Jumatano

Ndugu Meneja,

Habari za asubuhi. Nimeshikwa na kipandauso tangu alfajiri. Natapika na siwezi kutazama skrini wala kuendesha gari, hivyo hata kazi ya kufanyia nyumbani sitaiweza. Kwa uzoefu wangu maumivu huisha baada ya siku moja na nusu, na hubaki na uchovu siku inayofuata. Naomba ruhusa ya leo na kesho. Natarajia kurudi Alhamisi, nikianza na kazi zisizo za hesabu nzito. Kesho saa 10 jioni nitakujulisha kama hali imebadilika.

Hundi mbili za wauzaji zimeshasainiwa, ziko kwenye droo yangu ya juu. Mwenzangu wa stoo ana ufunguo. Cheti cha daktari nitakileta.

Ahsante."

Hakuna mahali alipoandika kwamba maumivu ni makali mno. Maumivu ya mwenzio huwezi kuyapima, lakini kushindwa kutazama skrini kila mtu ofisini anaelewa maana yake. Ndoo na mapazia hakuvitaja, kwa kuwa vinamhusu yeye na daktari wake. Na neno "natarajia" limebeba mzigo wake: si kiapo, na siku ya kuthibitisha imetajwa.

Bila shaka mtu mwenye jicho moja wazi hawezi kutunga yote hayo. Wenye uzoefu huiandika wakiwa wazima, wakaihifadhi kwenye simu, siku ikifika wakabadilisha siku na kazi zilizobaki. Au mume, mke au dada wa nyumbani akaituma kwa niaba yao.

Ahadi ya cheti si pambo. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Lakini mwajiri halazimiki kulipa pasipo cheti cha daktari. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inaweka kima cha chini cha siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu kwa mwaka, baada ya miezi miwili kazini, na cheti hapo pia kinatakiwa. Kipandauso hakionekani kwenye kipimo cha damu. Daktari hukitambua kwa kusikiliza maelezo. Kwa hiyo ni vizuri kwenda mapema, dalili zikiwa bado zinaonekana.

Kuna asubuhi ambayo haifai kuandika baruapepe kabla ya kwenda hospitali. Maumivu yakilipuka ghafla na kufikia kilele ndani ya dakika moja, yakija na homa na shingo ngumu, mkono ukilegea, mdomo ukienda upande, au yakipita saa 72 bila kuachia, hilo si la kusubiri Alhamisi.

Baada ya miezi sita, mhasibu afungue baruapepe alizotuma, aandike tarehe zake pembeni, na siku alizomeza dawa. Akikuta kichwa kinamshika siku 4 au zaidi kwa mwezi, ana sababu ya kumuuliza daktari kuhusu dawa za kuzuia, kama propranololi, zinazomezwa kila siku hata kichwa kikiwa kizima. Akikuta anameza ibuprofeni au panadoli siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa miezi mitatu na zaidi, huenda dawa yenyewe ndiyo imegeuka chanzo cha maumivu. Karatasi hiyo ya tarehe ndiyo atakayompelekea daktari, ambaye hana kipimo kingine cha kusoma.