Barua ya kuomba kazi: watu 31.000 walitoka wapi?

Binti wa mwenzetu mmoja alikuwa anatafuta kazi ya marketingi katika kampani ya vinywaji. Baba yake alimaliza kontra kwenye mgodi, hawakumurudisha, na sasa nyumba nzima inaangalia huyu mtoto. Njo maana alituletea barua yake tuisome mbele haijatumwa. Sisi wa sandika si wataalamu wa Facebook. Lakini tumesoma fishi za malipo miaka mingi, na mwenye kuzoea fishi ya malipo anajua kuuliza namba imetoka wapi.

Barua ilisema: «Tulifanya kampanye iliyofikia watu 31.000 na kuongeza mauzo mara tatu.» Tukamuuliza: «Mama, hao watu 31.000 ulibahesabia wapi?» Akafungua simu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kweli. Jirani yao ni fundi wa kushona, anatengeneza inifomu za masomo, ile nyeupe na bluu. Binti alimufanyia matangazo ya Facebook kwa majuma tano, tangu mwanzo wa mwezi wa 8 mpaka masomo kufunguliwa mwezi wa 9. Fundi alitoa dola 12 kila juma, jumla dola 60. Mwenye kuona tangazo alibonyeza na kuandika moja kwa moja kwenye WhatsApp ya fundi.

Kwenye kioo cha simu kulikuwa namba mbili. Ya kwanza, Impressions, ni 31.000: hiyo ni mara ngapi tangazo lilionekana. Ya pili, Couverture, ni 9.400: hiyo inakadiria watu wenyewe. Mtu mmoja aliona tangazo karibu mara tatu, sawa vile mtu anayepita mbele ya bango moja akienda kazini na akirudi. Binti hakudanganya, alichukua namba kubwa tu. Lakini yule atakayesoma barua ni mtu wa kazi ile, anajua tofauti, na akiona kosa hilo hataamini tena mistari inayofuata.

Na «mara tatu»? Mwezi wa 7 fundi aliuza inifomu 38, na katika majuma yale tano aliuza 118. Ni kweli, ni mara tatu. Lakini ni nani ananunua inifomu mwezi wa 7, masomo yamefungwa? Hata bila Facebook wazazi wangekuja. Tukamutuma kwa fundi aombe kaye ya mwaka uliopita. Majuma yaleyale, fundi aliuza 71. Basi ongezeko la kulinganishwa ni inifomu 47. Kwenye WhatsApp waliandika watu 212, na kutoka kwao ziliagizwa inifomu 39. Zile 8 zingine hatujui zilitoka wapi. Na hata katika zile 39, wateja wa zamani wanaweza kuwamo, wale ambao wangekuja tu.

Baba yake alihuzunika kidogo: «Sasa mumepunguza kazi ya mtoto!» Tukamuambia hapana. Dola 60 kwa inifomu 39 ni karibu dola moja na nusu kwa kila moja, na fundi anabakisha dola 4. Hesabu hiyo bosi yeyote anaielewa.

Kilichobakia ni neno «tulifanya». Nani alifanya nini? Picha alipiga binti. Maneno aliandika yeye, na kila juma aliangalia tangazo lipi linaleta ujumbe, akasimamisha lile lisiloleta kitu. Bei aliweka fundi. Kujibu wateja ilikuwa kazi ya mke wa fundi. Kila mtu na sehemu yake, kama kwenye timu ya chini ya mgodi.

Barua mpya ikasema hivi: «Kwa majuma tano nilisimamia peke yangu matangazo ya fundi wa inifomu: picha, maneno, na matumizi ya dola 60 alizotoa. Matangazo yalifikia watu karibu 9.400, 212 waliandika, na inifomu 39 ziliagizwa kwa njia hiyo. Mauzo yote yalikuwa 118. Majuma yaleyale mwaka uliopita yalikuwa 71. Kujibu wateja haikuwa kazi yangu. Fundi amekubali mumupigie simu.»

Alitia pia picha ya kioo yenye namba na tarehe. Mazungumzo ya WhatsApp tulimukataza: mule mna simu za wazazi ambao hawakuombwa ruhusa.

Juma lililopita mtu wa kampani alimupigia fundi. Hakuuliza kama binti ni mwema ao ana bidii. Aliuliza mwaka uliopita aliuza ngapi. Fundi akachukua kaye yake juu ya cherehani, akamusomea: 71.