Ufunguo wa grafu na jina kando ya mstari: kipi humfaa msomaji?

Mwaka jana nilikuwa miongoni mwa watahini wa tasnifu moja ya uzamili. Mtahiniwa alikuwa amehesabu, mwezi baada ya mwezi, ni mara ngapi magazeti yalitumia maneno manne: kompyuta, tarakilishi, ngamizi na kipakatalishi. Matokeo aliyachora kwa grafu ya mistari, na chini yake akaweka ufunguo, kama ule tunaouona kwenye kona ya ramani.

Nilimwuliza, tena kwa ukali, "Umeandika kwamba neno ngamizi lilififia baada ya Juni. Mbona mchoro wako unaonyesha likipanda?"

Binti wa watu akainama, akatazama, akajibu kwa upole, "Samahani Profesa, huo ni mstari wa tarakilishi."

Nakala yangu ilikuwa ya fotokopi. Bluu na kijani zote zilikuwa zimegeuka kijivu. Nusura nimkate alama kwa kosa lililotokana na kijisanduku cha rangi!

Hebu tutazame ufunguo humfanyisha msomaji kazi gani. Anauona mstari, anaishika rangi yake akilini, anashuka chini kutafuta rangi inayofanana nayo, anasoma jina, kisha anapanda tena kuusaka mstari aliouacha. Mistari ikiwa minne, safari ni nne, na akifika wa nne huenda wa kwanza ameshausahau. Jina likiwekwa pale mstari unapoishia, upande wa kulia, safari hiyo haipo. Jicho linalofuata mstari hulifikia lenyewe. Hata rangi zikipotea, jina linabaki. Isitoshe, wapo wasomaji, wengi wao wanaume, waliozaliwa wakitatizika kutofautisha nyekundu na kijani.

Kuna mtego mwingine ambao wengi hawautambui. Programu ya kompyuta hupanga majina ya ufunguo kwa kufuata mpangilio wa safu za jedwali, haijali mstari upi uko juu na upi uko chini. Kwa hiyo jina la kwanza katika ufunguo laweza kuwa la mstari ulio chini kabisa. Kwa mwanafunzi huyu, ngamizi lilitangulia kwa sababu ndilo aliloliingiza kwanza.

Jambo lenyewe si geni. William Playfair, Mskoti aliyechapisha grafu za biashara ya Uingereza mwaka 1786, aliandika maneno kando ya mistari yenyewe: huu wa bidhaa zinazoingia, huu wa zinazotoka. Katika grafu yake ya biashara na Denmaki na Norwe, mistari hiyo miwili inapishana, ila msomaji hapotei. Ufunguo tumezoezwa na mashine.

Katika Excel, bofya mstari mara moja, kisha bofya nukta yake ya mwisho ili ichaguliwe peke yake. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya, chagua `Add Data Label`. Ingia `Format Data Labels`, weka alama kwenye `Series Name`, ondoa ile ya `Value`, na mahali pa lebo uchague `Right`. Punguza upana wa eneo la mchoro ili majina yapate nafasi, kisha ufute ufunguo. Ukilipa jina rangi ya mstari wake, vyema zaidi.

Hata hivyo, sisemi ufunguo utupwe kabisa. Ukiwa na grafu ndogo sita zenye mistari ile ile, kurudia majina katika kila moja ni kuzijaza takataka. Ufunguo mmoja juu yazo unatosha, mradi majina yafuate mpangilio wa mistari. Nayo mistari ikiwa kumi na miwili iliyosokotana kama ususi, si lebo wala ufunguo utakaoiokoa. Hapo igawe katika michoro kadhaa, au uipake kijivu yote isipokuwa ile miwili unayoizungumzia.

Njia rahisi ya kupima ni kuchapisha grafu bila rangi na kumpa mtu asiyeijua akusimulie kila mstari ulivyokwenda. Mtazame macho. Akishuka chini na kupanda mara tatu kabla ya kutamka neno, ujue amekwama.

Mtahiniwa wetu alipoirekebisha grafu, alikumbana na tatizo: ngamizi na kipakatalishi yaliishia karibu mahali pamoja, majina yakapandana. Ati arudishe ufunguo? La. Aliliacha kipakatalishi mwishoni, akalihamishia ngamizi juu ya mwezi wa Machi, ambako mstari wake ulikuwa peke yake.