Ami Mwekundu, Ami Mweusi

Chukua namba nane: 10, 20, 30, 40, 50, 60, 70 na 80. Ziingize moja moja, kwa mfuatano huo, katika mti wa utafutaji, ule ambao programu za kompyuta huutumia kuweka vitu kwa mpangilio. Mti huu huchorwa mzizi ukiwa juu na matawi yakishuka chini, na sharti lake ni jepesi: namba ndogo iende kushoto, namba kubwa iende kulia. 10 inaingia kwanza, inakuwa mzizi. 20 inakaa kulia kwa 10, 30 inakaa kulia kwa 20, na kadhalika. Ikifika 80, huna mti tena. Una kamba yenye mafundo manane, na anayeitafuta 80 lazima ayapapase yote.

Kwa namba nane hilo halimchoshi mtu. Lakini namba za risiti, tarehe za malipo na namba za usajili wa wanafunzi huja kwa mfuatano hivyo hivyo, mamia kwa maelfu. Namba milioni moja zikiingia zikiwa zimepangana, kuitafuta ya mwisho ni hatua milioni moja.

Mwaka 1972 Rudolf Bayer, mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, alieleza namna ya kuufanya mti ujilinganishe wenyewe kila unapopokea namba mpya. Mwaka 1978 Leonidas Guibas na Robert Sedgewick waliieleza kazi hiyo upya kwa kutumia rangi mbili, nyekundu na nyeusi, na tangu hapo mti huo unaitwa mti mwekundu na mweusi. Umo katika `TreeMap` ya lugha ya Java. Umo pia katika kiini cha Linux, ambacho ndicho kinachoendesha simu za Android.

Kila namba ndani ya mti inakaa kwenye nodi, na kila nodi ina rangi moja kati ya hizo mbili. Mzizi ni mweusi daima. Pale ambapo nodi haina mtoto, tunahesabu kwamba pana ncha tupu, nayo ni nyeusi. Sheria mbili zilizobaki ndizo zenye uzito. Ya kwanza: nodi nyekundu isiwe na mtoto mwekundu. Ya pili: kila njia inayoshuka kutoka mzizi hadi ncha tupu ikutane na idadi ile ile ya nodi nyeusi.

Ziweke pamoja uone zinachofanya. Njia fupi kabisa ni ile yenye nyeusi tupu. Njia ndefu kabisa ni ile inayochanganya nyeusi, nyekundu, nyeusi, nyekundu, kwa kuwa nyekundu mbili haziruhusiwi kufuatana. Idadi ya nyeusi ni moja kwa njia zote, basi njia ndefu haiwezi kuzidi mara mbili ya ile fupi. Ndiyo maana katika mti wa namba milioni moja hakuna utafutaji unaozidi hatua 40.

Nodi mpya huingia ikiwa nyekundu. Ingeingia nyeusi, njia yake ingezidi nyingine kwa nyeusi moja na hesabu ya mti mzima ingeharibika. Ikiingia nyekundu, hesabu haiguswi. Kosa pekee linaloweza kutokea, ukiacha suala la mzizi, ni kwamba baba yake naye ni mwekundu. Hapo ndipo tunapohitaji ukoo: nodi mpya, baba yake, babu yake, na ndugu wa baba. Huyo wa mwisho simwiti mjomba, kwa sababu mjomba ni ndugu wa mama. Huyu ni ami, na rangi yake ndiyo inayoamua kila kitu.

Turudi kwenye namba zetu. 10 inakuwa mzizi mweusi. 20 inaingia nyekundu kulia kwake, na hakuna tatizo. 30 inaingia nyekundu chini ya 20 nyekundu: kosa. Ami yuko wapi? Kushoto kwa 10 pana ncha tupu, kwa hiyo ami ni mweusi. Hapa tunazungusha: 20 inapanda mahali pa 10, na 10 inashuka kuwa mtoto wake wa kushoto. Kisha 20 inapakwa nyeusi na 10 nyekundu. Sasa 20 nyeusi imekaa juu, na watoto wake wekundu, 10 na 30, wako kila mmoja upande wake.

Inaingia 40, nyekundu, chini ya 30 nyekundu. Kosa tena, lakini safari hii ami ni 10, naye ni mwekundu. Hatuzungushi chochote. Tunampaka baba, 30, nyeusi. Tunampaka ami, 10, nyeusi. Na babu, 20, tunampaka nyekundu. Kwa kuwa 20 ndiyo mzizi, tunairudishia weusi wake. Hakuna nodi iliyohama.

Kwa nini mara ya kwanza tulizungusha na mara ya pili tukapaka rangi tu? Wengi huikariri kanuni hii bila kuielewa, na ndiyo maana huisahau. Fikiria babu mweusi mwenye watoto wawili wekundu. Ukiuchukua weusi wake na kuwagawia watoto wote wawili, kila njia iliyompita babu imepoteza nyeusi moja kwake na kuipata kwa mtoto wake, iwe upande wa baba au upande wa ami. Hesabu imebaki sawa.

Sasa jaribu hivyo hivyo ami akiwa mweusi tayari. Babu anageuka mwekundu, baba anageuka mweusi, na upande wa baba hesabu inabaki sawa. Lakini upande wa ami umepoteza weusi wa babu bila kupata badala yake, kwa kuwa ami hawezi kuwa mweusi mara mbili. Njia zake zote zimepungukiwa na moja. Rangi peke yake imeshindwa. Inabidi baba apande juu akae mahali pa babu, ili weusi wake uhesabiwe na pande zote mbili, na babu ashuke upande wa ami akiwa mwekundu. Hiyo ndiyo kazi ya kuzungusha.

Nako kuzungusha hakufai pale ambapo ami ni mwekundu. Babu aliyeshuka akiwa mwekundu angemkuta ami mwekundu chini yake, na kosa lile lile lingezaliwa upande wa pili.

Kuna jambo dogo la kuangalia kabla ya kuzungusha. Tuseme namba zimeingia 10, 30, kisha 20. 30 iko kulia kwa 10, lakini 20 iko kushoto kwa 30, hivyo ukoo umepinda. Ukimpandisha 30 moja kwa moja, 10 inashuka kushoto kwake na kuibeba 20 upande wake wa kulia: pindo lile lile, limegeuka upande tu. Kwa hiyo pindo hunyooshwa kwanza, kwa kuipandisha 20 juu ya 30, kisha 20 hiyo hiyo hupandishwa juu ya 10. Mizunguko ni miwili, na kuingiza namba moja hakuhitaji zaidi ya hapo hata mti uwe na namba bilioni.

Tuendelee na mfano wetu. 50 inaingia chini ya 40 nyekundu na ami ni ncha tupu, kwa hiyo tunazungusha; 40 inakuwa juu ya 30 na 50. 60 inamkuta ami 30 akiwa mwekundu, tunapaka rangi. 40 inakuwa nyekundu, baba yake 20 ni mweusi, na kazi imeishia hapo. 70 inatuzungusha tena, na 60 inakuwa juu ya 50 na 70.

Sasa 80. Inaingia nyekundu chini ya 70 nyekundu, na ami, 50, ni mwekundu. Tunapaka 70 na 50 nyeusi, na 60 nyekundu. Tazama mti ulivyo. Kila hatua kwenda kulia ni kizazi kimoja chini:

```
20 nyeusi
  10 nyeusi
  40 nyekundu
    30 nyeusi
    60 nyekundu
      50 nyeusi
      70 nyeusi
        80 nyekundu
```

Kosa la chini limekwisha, lakini 60 nyekundu sasa iko chini ya 40 nyekundu. Kosa limepanda vizazi viwili. Hii ndiyo tabia ya kupaka rangi: mara nyingine humaliza, mara nyingine hulisukuma kosa juu, na huweza kulisukuma hadi kwenye mzizi. Tunauliza swali lile lile, safari hii kwa niaba ya 60. Baba ni 40, babu ni 20, ami ni 10, naye ni mweusi. Tunazungusha: 40 inapanda na kuwa mzizi mweusi, 20 inashuka kushoto ikiwa nyekundu.

```
40 nyeusi
  20 nyekundu
    10 nyeusi
    30 nyeusi
  60 nyekundu
    50 nyeusi
    70 nyeusi
      80 nyekundu
```

Kazi imekwisha, na haiwezi kuendelea juu zaidi, kwa sababu mahali palipokuwa na babu mweusi sasa pana baba mweusi. Wa juu yao, kama wangekuwepo, wasingeona tofauti yoyote. Kamba yetu ya mafundo manane imekuwa mti wa ngazi nne.

Angalia 30 ilivyohama. Ilikuwa mtoto wa kushoto wa 40, ikawa mtoto wa kulia wa 20. Ni kubwa kuliko 20 na ndogo kuliko 40, basi mahali hapo panaifaa. Mwandishi wa programu akisahau kuihamisha, 30 inapotea, na utafutaji utasema haimo. Kosa hilo hujulikana mapema.

Kosa la rangi ni la siri zaidi. Programu inayosahau kumpaka ami, au inayochanganya kushoto na kulia katika nusu ya pili ya kanuni, bado inaweza kuipata kila namba. Majibu ni sahihi, ila mti unalegea kidogo kidogo hadi utafutaji unakuwa mzito, na hakuna ujumbe wa hitilafu unaotokea. Dawa ni kuukagua mti wenyewe: pita kila nodi, hakikisha hakuna mwekundu chini ya mwekundu, kisha hesabu nyeusi za njia za kushoto na za kulia, zilingane. Fanya hivyo baada ya kuingiza namba kutoka 10 hadi 80, kisha anza upya kutoka 80 hadi 10. Mara ya kwanza mizunguko yote ni ya kushoto. Mara ya pili yote ni ya kulia. Programu inayofaulu mara ya kwanza tu ina kosa katika nusu ya pili. Ingiza pia 10, 30, 20, kisha 30, 10, 20, maana pindo halijitokezi kamwe kwenye namba zinazofuatana.