Kibo ni Ngumi Moja

Oya, kabla hujagusa setingi yoyote, toka nje kwanza. Asubuhi Moshi, mawingu hayajaiziba Kibo, nyoosha mkono wote, kunja ngumi, iweke chini ya kilele. Kutoka usawa wa jicho lako mpaka kwenye barafu ni ngumi moja, pungufu kidogo. Ngumi ya mtu ni kama digrii 10. Mlima wetu unakula 9.

Mimi hilo nilifundishwa kwa aibu. Gheto langu lina vioo vitatu vya mtumba, inchi 24 kila kimoja, na X-Plane inapiga kazi freshi. Binamu yangu wa Nairobi akaja kupitia Holili, akakaa kwenye kiti, akaitazama Kibo nikiwa nimepaki ndege uwanja wa Moshi. Akacheka. "Buda, hii mlima mbona ni kadogo hivi? Ile ya huko nje ni mnoma!"

Nikamaindi, ila nikachukua rula. Hesabu yake haitaki hata kikokotoo cha maana: uwanja wa Moshi uko mita 850 hivi juu ya bahari, Kibo ni 5,895, kwa hiyo mlima umekuzidi kilomita 5. Umbali kwenda huko ni kama kilomita 32. Mimi nakaa sentimita 60 kutoka kwenye kioo. Sasa 5 gawanya kwa 32, zidisha kwa 60, unapata sentimita 9 na ushee. Kamera ikiwa imetazama mbele sawasawa, ndiyo kimo Kibo inachotakiwa kuwa nacho kuanzia katikati ya kioo kwenda juu. Yangu ilikuwa na 4.

Kisa chake: kila kioo nilikiwekea digrii 90, maana niliona ukiongeza unaona eneo kubwa, mambo yanakuwa bomba. Kumbe picha ya digrii 90 kwenye kioo changu ni ya mtu aliyebandika uso sentimita 27 tu kutoka hapo. Ukikaa mbali kuliko hivyo, kila kitu kinasinyaa na kuonekana kiko mbali. Ndiyo maana wiki tatu nzima nilikuwa natua kwa kuitwanga ndege: runwei naiona bado iko mbali, kumbe matairi yameshafika.

Digrii za kweli zinatoka kwenye mkanda wa kupimia. Upana wa kioo changu, bila fremu, ni sentimita 53. Nusu yake ni 26.5:

```
2 × atan(26.5 / 60) = 47.7
```

Basi 48 kwa kila kioo. Ukihamia Assetto Corsa kukimbiza gari, jichunge, kule FOV inahesabiwa kwa wima, kwa hiyo kioo hichohicho unakiandikia 28. Masela wengi wanajaza 48 kule halafu wanashangaa kona zinawadanganya.

Vioo vya pembeni navyo usivipinde kwa macho. Mimi nilifunga kamba ya kiatu pale kichwa kinapokaa, nikapiga fundo kwenye sentimita 60, nikavuta kioo cha kushoto mpaka fundo likagusa katikati yake huku fremu zikiwa zimegusana. Kulia vilevile. Hapo kona inajipanga yenyewe. Fremu zangu zina sentimita moja moja, zinaongeza kama digrii moja na nusu, kwa hiyo `lateral offset` nikaandika -49 kushoto na 49 kulia. Ukiandika ndogo, mnazi mmoja unautazama mara mbili, huku na huku ya fremu. Ukizidisha, kuna kipande cha dunia kinapotea.

Halafu kuna ule ujanja wa kuunganisha vioo vitatu viwe picha moja ndefu. Mwana, usijaribu, labda gemu lenyewe liwe linajua kuchora pande tatu. Picha moja bapa ikitanuliwa hivyo, Kibo ikihamia katikati ya kioo cha pembeni inapanda mpaka sentimita 12 na ushee na kunenepa karibu mara mbili, kama imekula mtori wa mwezi mzima. Ukiwa umepanga sawa, geuza pua ya ndege mlima uhamie kushoto, pima tena: inabaki ileile 9 na ushee.

Jioni nikamrusha binamu, tunatua KIA kutoka magharibi, runwei 09. Njia hiyo Kibo haiko mbele, inakaa kioo cha kushoto, karibu katikati yake. Zamani na kioo kimoja sikuwahi kuiona nikiwa natua. Naye badala ya kunisomea kimo, kanyoosha mkono mbele ya uso wangu, kakunja ngumi, kafumba jicho moja anapima mlima. Nikamwambia toa mkono, kaka, sioni runwei.