Mchezo wa Bao na Utayari wa Kuhesabu katika Elimu ya Awali, Bukoba na Muleba

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali ya mwaka mmoja kuwa ya lazima. Hata hivyo, kumaliza mwaka huo si sawa na kuwa tayari kwa darasa la kwanza. Mtoto wa Bukoba au Muleba anaweza kukariri moja hadi kumi bila kosa, lakini akiwekewa punje saba za kahawa akasema ni tisa, kwa kuwa ulimi hutangulia kidole. Bao hulidhihirisha kosa hilo. Anayesambaza kete hudondosha moja katika kila shimo. Akiruka shimo, mwenzake humsahihisha papo hapo. Kwa mtazamo wa Vygotsky, mtoto hutenda kwa msaada huo jambo atakaloliweza baadaye peke yake.

Mchezo pekee hautoshi. Mwalimu asipouliza jumla ya kete zilizosambazwa, mtoto hubaki na mwendo wa mkono bila dhana ya idadi. Aidha, mtoto anayedhani kwamba kete zilizotawanywa zimeongezeka asihukumiwe kuwa hajawa tayari: Piaget alionesha kwamba uelewa huo hukomaa kwa kawaida katika umri wa miaka 6 au 7.