Jedwali la akiba likivunjika kwenye telefone: namna ya kulirudisha

Katika vikundi vyetu vya akiba mwandishi hupanga hesabu ya juma katika jedwali, yaani tablo, kwenye ordinateri, kisha hulinakili na kulibandika katika ujumbe wa WhatsApp. Mara nyingi likifika kwetu si jedwali tena. Mistari ya kutenganisha imepotea, na kila neno na kila namba imekaa peke yake, moja chini ya nyingine, kama shanga zilizokatika uzi.

Namba zenyewe hazikuharibika. Kilichopotea ni mahali pake. Tuchukue mfano wa kikundi cha wamama wane. Jedwali lao lina safu nne: Jina, Hisa, Msaada na Deni lililolipwa. Ujumbe uliofika unasomeka hivi kutoka juu kwenda chini: Jina, Hisa, Msaada, Deni, Furaha, 3, 500, 4000, Neema, 5, 1000, Zawadi, 2, 500, 1000, Bahati, 4, 500, 2000, Jumla, 14, 1500, 8000.

Kwanza tunahesabu vichwa vya safu. Hapa ni vinne, kwa hiyo kila mama anapaswa kuwa na vitu vinne. Kisha tunahesabu vitu vyote: ni 23. Kichwa, wamama wane na jumla ni mistari sita, na sita mara nne ni 24. Basi kitu kimoja kimekosekana. Pengine nafasi iliachwa wazi katika jedwali, na ujumbe ukaimeza.

Pili, tunatafuta iko wapi. Majina ndiyo yanatuongoza, maana kila jina linaanza mstari mpya. Furaha ana vitu vinne pamoja na jina lake, Zawadi vinne, Bahati vinne. Neema ana vitatu tu. Tukijaza nne nne bila kuangalia, jina la Zawadi litaingia katika deni la Neema, na wote wanaofuata watasogea. Jina likionekana mahali pa makuta, tujue kosa liko juu yake.

Sasa swali gumu: ile 1000 ya Neema ni msaada ao ni deni alilolipa? Hapa tusikisie. Tukiiweka kwa deni, akiwa hakulipa deni, tunamfutia deni bure. Tukiiweka kwa msaada, akiwa alilipa deni, ataambiwa angali na deni lile lile. Tunauliza mstari wa Jumla. Msaada wa wengine watatu ni 500 na 500 na 500, ni 1500, na jumla inasema 1500. Basi Neema hakutoa msaada juma hilo. Deni la wengine ni 4000, 1000 na 2000, ni 7000, lakini jumla inasema 8000. Ile 1000 inayokosekana ni ya Neema. Alilipa deni.

```
Jina     Hisa  Msaada  Deni
Furaha   3     500     4000
Neema    5     0       1000
Zawadi   2     500     1000
Bahati   4     500     2000
Jumla    14    1500    8000
```

Ni baada ya kuandika ile 0 ndipo ordinateri inaweza kutusaidia. Katika Word ya Kifaransa, tunabandika vitu vyote, kila kimoja kwenye mstari wake, tunavichagua vyote, kisha tunafungua `Insertion`, `Tableau`, `Convertir le texte en tableau`. Kwa `Nombre de colonnes` tunaandika 4, na kwa kutenganisha tunachagua `Paragraphes`. Word inajaza nne nne tu. Haijui Neema ni nani. Tukisahau ile 0, itapanga makosa vizuri kabisa.

Tena hesabu ya kwanza haitoshi peke yake. Nafasi nne zikikosekana, vitu vitabaki 20, na 20 inagawanyika kwa nne bila salio. Kwa hiyo tuangalie majina na jumla kila mara. Na kama ujumbe hauna mstari wa Jumla, ao mama wawili wana mashaka kama ya Neema na jumla inakubali namna zote mbili, telefone haiwezi kujibu. Tufungue daftari la kikundi mbele ya wenyewe.

Kwa juma linalokuja, mwandishi atume mstari mmoja kwa kila mama, akitenganisha kwa nukta na mkato, na asiache nafasi wazi hata moja:

```
Neema; 5; 0; 1000
```

Mstari kama huo hauvunjiki ukibandikwa, na katika Word tunachagua `Points-virgules` pahali pa `Paragraphes`. Hata mama asiye na ordinateri anaona mara moja kwamba Neema hakutoa msaada, lakini deni alilipa.